Filta Iliyolingana na Hesabu

Nimehama miji mingi tangu niondoke Sumbawanga, na sasa imepita miaka arobaini bila kupata mahali pa kuweka godoro na kusema hapa ndipo. Kila ninapofika, jambo la kwanza ninalolitafuta ni ile baridi ya Ufipa. Siipati. Kigoma joto, Tabora vumbi, Dar es Salaam ndiyo usiseme. Ufipa upepo unatoka upande mmoja wa uwanda, unapita juu ya nyasi na mashamba ya ulezi, na hakuna kilima wala mti wa maana wa kuuambia punguza mwendo. Unafika mjini kama ulivyoondoka.

Kituo cha simu kilikuwa jengo la matofali lenye vyumba vitatu. Chumba cha ubao, ambako wasichana wa kuunganisha simu walikaa na vipaza sauti vyao vifuani. Chumba cha mitambo, kilichokuwa chetu. Na chumba cha betri, ambacho ukiingia asidi inakukaba koo na suruali yako inatoboka baada ya kufuliwa mara mbili. Nyaya zilitoka hapo juu ya nguzo kwenda Matai, kwenda Namanyere, na mstari mkubwa kwenda Mbeya kupitia Laela. Mimi nilitokea upande wa Mbeya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapelekwa Rukwa kama kijana mwanafunzi wa ufundi, na koti la sufu alilolishona mama yangu.

Mwanafunzi mwenzangu alikuwa msichana wa Mwazye. Watu wake walikuwa wakulima wa mahindi na ulezi, Wakatoliki wa kwenda misa kwa miguu, na alisomeshwa na masista mpaka kidato cha nne kama mimi. Lakini yeye hakuletwa moja kwa moja kwenye mitambo. Aliajiriwa ubaoni kwanza. Alikaa pale akiunganisha simu za ofisi ya mkoa, za misheni, za chama, mpaka ulipotangazwa mtihani wa kuingia ufundi. Akaufanya, akafaulu, akavuka ukumbi kuja chumba chetu. Ule ukumbi ulikuwa wa hatua chache tu, ila hakuna msichana mwingine aliyekuwa amewahi kuuvuka.

"Kule nilikuwa nasikia maisha ya watu wote," aliniambia mara moja tukinywa chai. "Yangu tu ndiyo siyasikii."

Kazi yetu mwaka ule, pamoja na kutunza mitambo, ilikuwa kusoma kozi ya ishara za umeme iliyotumwa kutoka chuo cha Dar es Salaam. Walituma kurasa zilizopigwa chapa, wakatuma na pakiti ya vifaa kwa kila kituo. Ukimaliza kusoma unajenga filta mbili kwa mkono wako, unakokotoa zitakavyofanya, unazipima zinavyofanya kweli, unachora yote mawili kwenye grafu moja, kisha unaeleza tofauti. Mtahini alizunguka kituo hadi kituo kukagua. Ukipita, unakwenda chuoni na kurudi fundi kamili. Ukishindwa, unashushwa kazi, na nafasi haitolewi tena. Kwangu mimi kushuka kulikuwa genge la kuchimba mashimo ya nguzo. Kwake kulikuwa ubao.

Filta ni kitu rahisi kukieleza. Sauti nzito na sauti nyembamba zinaingia pamoja. Filta ya kupitisha chini inaziacha nzito zipite na kuzizuia nyembamba kuanzia frikwensi uliyoichagua. Filta ya bendi inapitisha ukanda mwembamba wa katikati na kuzuia zilizo chini na juu yake. Zamani ilihitaji koili kubwa za waya. Sisi tulipewa kitu kipya, op-amp, kidude cheusi cha kukuza ishara kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Ukikizungushia rezista chache za kuukinza umeme na kapasita chache za kuuhifadhi, kinafanya kazi ya koili nzima.

Mkuu wa kituo, mzee aliyejua kila nguzo kati ya Sumbawanga na Tunduma lakini hakuwahi kuona kitu kama kile, alikishika na koleo akakigeuza.

"Sasa hili lenye miguu minane ni mende?"

"Mende ana sita, mzee," mwenzangu akamjibu. "Huyu ni buibui."

"Basi afume upesi. Mtahini anakuja masika haya haya."

Op-amp inataka umeme wa pande mbili, chanya na hasi, na katikati ardhi. Tulipanga betri za tochi safu mbili tukazifunga na mpira wa baiskeli. Betri zilikuwa hazionekani dukani. Duka la ushirika lilizileta siku zake, zikaisha kabla foleni haijafika mlangoni. Zetu mwenzangu alizileta kutoka Mwazye, alizitoa kwenye redio ya kaka yake.

"Kaka amekubali?"

"Amesema atakaa bila habari mpaka niwe fundi. Kwa hiyo niharakishe, asije akakosa vita ikitokea."

Kwa filta ya kupitisha chini kila mmoja alipewa frikwensi yake ili tusiigane. Filta yangu ya kupitisha chini ilitakiwa kukata karibu na hezi mia tano. Yake, karibu na elfu mbili na mia nne. Kapasita zilitoka pakiti moja, zote za aina moja, zimeandikwa nanofaradi kumi. Kwa hiyo tulichotofautiana ni rezista: mimi nilitumia za omu elfu ishirini na mbili, yeye za omu elfu nne na mia saba. Rezista tuliweza kuzipima moja moja kwa mita, tukachagua zilizo sawasawa. Kapasita hatukuwa na cha kuzipimia. Tuliamini maandishi.

Alikokotoa kwa vitabu vya logi, penseli nyuma ya sikio, midomo ikicheza. Hesabu yake ilikuwa safi kuliko yangu. Mimi nilikuwa mtu wa kufika. Yeye alikuwa mtu wa kurudi kuhakikisha njia.

Kisha tukapima. Hapa inabidi nieleze polepole, maana yote yaliyofuata yametoka hapa.

Tulikuwa na osileta moja, chombo cha kutoa mlio safi wa frikwensi yoyote unayoitaka, na mita moja ya kupima nguvu ya mlio kwa desibeli. Kurasa za chuo zilisema: katika kila frikwensi pima kinachoingia, kisha pima kinachotoka. Lakini sisi tulikuwa watu wa simu. Mtu wa simu hapimi hivyo. Mkuu wa kituo alitufundisha tangu mwezi wa kwanza: weka sindano kwenye sifuri mara moja mwanzoni, halafu zungusha frikwensi, soma upande wa pili tu. "Osileta ya simu haidanganyi," alikuwa akisema. "Iweke sifuri hapa, nenda zako mpaka Mbeya, utaikuta inakungoja." Na kwenye mistari ya simu ilikuwa kweli. Ndivyo walivyopima wote waliotutangulia, na ndivyo tulivyopima.

Filta yangu ilikataa kulingana na hesabu. Nilikokotoa mia tano na kumi na moja, ikakata mia tano thelathini na saba. Filta zetu za bendi nazo, zote mbili, vilele vyake vilipanda. Vilitakiwa kusimama kwenye elfu moja, vikasimama elfu moja na sitini na kitu. Lakini ile ya kwake ya kupitisha chini ilikaa juu ya hesabu kama nguo iliyoshonwa na fundi. Kila nukta aliyoisoma iliangukia juu ya mstari aliouchora kabla ya kupima. Elfu mbili na mia nne, sindano iko chini kwa desibeli tatu, kama kitabu kinavyotaka.

Nilimpongeza. Hakufurahi.

"Inalingana mno," akasema.

"Ulitaka ikosee?"

"Nataka kujua kwa nini zingine zote zimekosea na hii haikukosea."

"Bahati."

"Wafipa hatuna bahati. Tuna ulezi."

Akapima tena. Akabomoa waya, akaunganisha upya, akapima tena. Elfu mbili na mia nne. Mwisho akachora grafu kwa wino, na kwenye mstari uliosema eleza tofauti akaandika kwa mwandiko wake wa masista: Tofauti haionekani. Sababu siijui.

Mimi niliandika kwangu kwamba labda kapasita ni ndogo kuliko zilivyoandikwa. Nilikisia tu.

Mtahini alikuja mwisho wa masika kwa Landrova iliyojaa matope mpaka kwenye kioo. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lijulikane. Kijana bado, sauti ya taratibu, Kiswahili cha pwani, na alikuwa anatetemeka kwa baridi ndani ya shati lake la mikono mifupi. Mwenzangu alimpa chai kabla hajaiomba. Alikuwa ametoka kuzunguka vituo vingi, na alituambia bila kuficha kwamba kote huko alikuwa akikuta jambo moja: vijana wanakokotoa, halafu wanachukua hesabu ileile, wanaichafua kidogo, na kuiita vipimo. Wengine hata hawajishughulishi kuichafua. "Betri hamna, vyombo hamna, najua," alisema. "Lakini mtu anayetunga kipimo leo, kesho ataniambia mstari wa Mbeya ni mzima wakati watu hawasikilizani."

Siku hiyo mkuu wa kituo hakuwapo. Radi ilikuwa imepasua nguzo kule Laela na mstari wa Mbeya ulikuwa mbovu. Alikwenda nao vijana wa genge, na alichukua osileta.

Mtahini hakuihitaji. Alikuwa amekuja na vyombo vyake ndani ya sanduku lenye sponji: osileta ya maabara na osiloskopu, kile chombo cha kioo kinachoonyesha umbo la mlio. Alianza na filta yangu. Akazungusha, akasoma, akatazama grafu yangu, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kwake ilikata mia tano arobaini na kitu. Kwangu ilikuwa thelathini na saba.

"Hii inanuka ukweli," akasema. "Hesabu kule, kipimo huku, na wewe umeshuku kapasita. Vizuri."

Akaunganisha ya mwenzangu. Filta ya bendi kwanza: elfu moja na sitini na kitu, kama alivyoandika. Akakubali. Kisha ile ya kupitisha chini. Alizungusha kifundo, akasimama, akarudi nyuma, akazungusha tena.

"Elfu mbili mia tano hamsini," akasema.

Mwenzangu alikuwa amesimama nyuma yake. "Samahani, ndugu. Pima tena."

Akapima tena. Elfu mbili mia tano hamsini. Akazima chombo, akageuza kiti kumtazama.

"Hizi kapasita zenu ni za pakiti moja?"

"Ndiyo."

"Ni pungufu kwa kama asilimia sita. Filta ya bendi inasema hivyo. Filta za mwenzako zinasema hivyo. Hii yako nayo leo inasema hivyohivyo. Grafu yako peke yake ndiyo inayosema kapasita ni kamili. Sasa niambie, hii grafu imetoka wapi?"

"Nilipima."

"Au kapasita za Sumbawanga hujaa zikipimwa na wenyeji?"

Alisema kwa utani, ule utani wa watu wa mbali kuhusu mji ule na uchawi, na sisi sote tulikuwa tumeuzoea.

"Tulitumia osileta ya kituo," mwenzangu akasema. "Ikirudi utaona."

"Iko wapi?"

"Laela."

"Kila kituo nilichokwenda kina Laela yake, dada."

Nikaingilia. Nikasema nilikuwapo, niliona sindano kwa macho yangu. Akaniangalia kwa upole akasema ni vizuri kumsimamia mwenzako. Hata mimi sikujua kwa nini sindano ilisimama pale na leo imesimama kwingine. Nilikuwa shahidi wa jambo nisilolielewa.

Mwenzangu akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa grafu yake. "Nimeandika sababu siijui. Anayetunga haachi hivyo. Anatunga na sababu."

Hilo lilimgusa. Alilisoma lile neno kwa muda, kikombe mkononi. Nilidhani ameelewa. Kisha akasema, bila ukali, "Basi kama hukutunga, umepima kitu na hukukielewa. Nami nimetumwa kuangalia mambo hayo mawili tu." Akatia sahihi. Yangu ikapita, yake haikupita. Aliosha kikombe chake mwenyewe bombani, akatushukuru kwa chai, akaondoka kabla mvua ya jioni haijaharibu barabara.

Mkuu wa kituo aliporudi na vijana wake, matope mpaka magotini, alikuta filta ile imewekwa mezani tayari na mwenzangu anangoja. Hakumsalimia vizuri hata. "Shikamoo mzee, naomba osileta," kwa pumzi moja. Akaiunganisha. Akazungusha. Elfu mbili na mia nne.

"Umeona," akasema, lakini hakuwa anaongea na mtu.

Nilitaka kushangilia. Yeye alikuwa amekunja uso. Aliitoa mita upande wa kutokea akaihamishia upande wa kuingilia, pale osileta inapokutana na filta, mahali ambapo hatukuwahi kupima kwa sababu mtu wa simu hapimi pale. Akaanza chini, kwenye sauti nzito. Sindano kwenye sifuri. Akapanda taratibu. Alipokaribia elfu mbili na mia nne sindano ilikuwa imeshuka. Kidogo sana, nusu desibeli. Akaendelea juu, ikakaribia desibeli nzima.

Osileta ya simu ilikuwa inadanganya.

"Mia sita," akasema.

Mkuu wa kituo akacheka kwa uchovu. "Mia sita ipi tena?"

Kilikuwa kitu ambacho sisi watatu tulikuwa tunaishi ndani yake. Kila kitu cha simu kimetengenezwa kwa ukinzani wa omu mia sita: mistari, vipokezi, vipimo. Osileta ya kituo nayo ilikuwa na omu mia sita ndani yake, na mlio wake hauwezi kutoka bila kupita humo. Ukiiunganisha na mstari wa simu, ndivyo inavyotakiwa. Ukiiunganisha na filta, zile mia sita zinajiunga na rezista ya kwanza bila kualikwa. Kati ya rezista zake mbili za elfu nne na mia saba, ya kwanza ilikuwa inafanya kazi kama elfu tano na mia tatu; ya pili ilibaki vilevile, kwa hiyo athari ikawa nusu. Rezista ikiongezeka, filta hukata chini zaidi. Kapasita ikipungua, hukata juu zaidi. Osileta ilivuta chini kwa asilimia sita, kapasita zikasukuma juu kwa asilimia sita, zikakutana palepale kitabu kilipotaka. Kwangu mimi, mia sita juu ya elfu ishirini na mbili zilikuwa tone tu, na kwenye rezista kubwa za filta za bendi vilevile, hazikufuta kitu. Ndiyo maana nilionekana mkweli. Na osileta ya mtahini, ya maabara, ndani yake haikuwa na ukinzani wa kutajika, kwa hiyo ilionyesha kapasita peke yake.

Alikokotoa yote hayo mbele yetu nyuma ya karatasi ya kazi, na jibu likatoka elfu mbili na mia nne. Mkuu wa kituo aliitazama ile osileta aliyoibebesha vijana wake miaka yote.

Kisha akafanya alichoweza. Mstari ulikuwa umeshapona. Akapiga Mbeya, akampata mtahini katika ofisi ya huko kabla hajaondoka kwenda kituo kingine. Tulisikia upande mmoja tu. Mwenzangu alimnong'oneza mzee maneno, mzee akayarudia kwa sauti kubwa, kama anavyoongea mtu aliyezoea mistari mibovu: mia sita, nusu desibeli, elfu tano mia tatu. Halafu akasikiliza. Akasema ndiyo. Akasema ndiyo, ndugu. Akasema naelewa. Akaweka simu.

"Amesema ni sahihi."

"Na?"

"Na taarifa imekwishaondoka na ndege ya Dar. Na anasema, mtu akishaambiwa jibu la kweli, sababu haimshindi kuipata."

"Sikuambiwa. Nimeipata."

"Nimemwambia hivyo."

"Na?"

Mzee akaanza kuvua buti. "Amesema ni sahihi," akarudia.

Mwenzangu aliandika rufani, bila shaka, na mkuu wa kituo akaipigia mhuri. Sikuwahi kusikia imejibiwa. Wakati nafunga sanduku langu kwenda chuoni yeye alikuwa ameshavuka ukumbi kurudi ubaoni, na aliyewekwa kwenye kiti chake chumba cha mitambo alikuwa mvulana kutoka Kate aliyekuwa akimwuliza yeye kila kitu kupitia mlangoni.

Chuoni, muhula wa pili, nilimweleza mwalimu wa ishara. Mzee mmoja mwenye miwani minene, mpenda mambo hayo. Alifurahi kupita kiasi. Alichora kwenye ubao wa darasa: osileta, mia sita zake, rezista, kapasita pungufu. Akasema darasani kwamba hatari ya kipimo si kukosea hesabu, ila makosa mawili yanayofutana, kwa sababu hayo hayapigi kelele. Akaliita kosa la Sumbawanga, na jina likashika. Nilimfuata nje nikamwuliza kama sasa mwenzangu anaweza kufikiriwa upya. Akaniambia mitihani ya vituoni si kazi ya idara yake. Alisema kwa masikitiko ya kweli. Mwaka uliofuata niliwasikia vijana wapya wanalitaja kosa la Sumbawanga kwenye korido kama vile ni jina la mlima.

Nilipomaliza nilipangiwa Kigoma, nikaomba kupitia Sumbawanga. Nilifika wakati wa kuvuna ulezi, upepo mkali, watu wote mjini wamejifunga vitenge juu ya masweta. Niliingia chumba cha ubao kutoka nyuma. Alikuwa amekaa, kipaza sauti kifuani, mikono ikifanya kazi bila yeye kuitazama. Alinionyesha kiti kwa kidevu.

"Fundi," akasema. "Umenenepa. Dar wanakula nini?"

"Foleni."

Kidirisha kimoja kikaanguka kwenye ubao, simu inaita. Akachomeka waya. "Sumbawanga. Matai haipokei, ndugu. Nitajaribu tena." Akachomoa. "Ehe."

Nikamweleza. Mwalimu, ubao, makosa mawili yanayofutana, jina. Nilikuwa nimelibeba kama zawadi njia nzima, na nilipokuwa nalitoa mdomoni nikaona si zawadi.

"Alimwandikia nani?"

"Hakuandika. Alisema darasani."

"Kwa hiyo wanaliita la Sumbawanga."

"Ndiyo."

"Wanajua ni la nani?"

"Hapana."

Kidirisha kingine. "Sumbawanga. Shikamoo Padri. Mbeya ndiyo hao, ongea." Akasukuma ufunguo wa kusikilizia, akasikiliza kidogo kama wamesikilizana, akaachia. Nilifikiri ameshasahau tulipofikia.

"Wanalieleza vizuri?"

"Vizuri sana. Na mchoro."

"Ile nusu desibeli wanaitaja? Kwamba uhamishe mita upande wa kuingilia?"

Nilifikiri. Mwalimu alichora mia sita moja kwa moja, kama kitu kinachojulikana. "Hapana. Hawaitaji."

"Sasa watu wataionaje?" Kwa mara ya kwanza alinitazama. "Bila kupima pale huwezi kuiona hata ukikaa mwaka. Waambie waitaje."

Nilisema nitawaambia. Nilikuwa nimeshamaliza chuo, tiketi ya basi la Mpanda, njia ya Kigoma, iko mfukoni, na sikuwa na darasa lolote la kurudi. Naye alijua. Vidirisha viwili vikaanguka pamoja; saa ya ofisi za mkoa kufunguliwa baada ya chakula ilikuwa imefika, na kuanzia hapo havikuacha kuanguka. Nilikaa kwenye kile kiti nikimsikiliza anasema Sumbawanga, Sumbawanga, ongea, subiri, mpaka basi likapiga honi.